Shajara ya Mradi: Kutafuta Mhenga wa Pamoja wa Karibu Zaidi katika Mti wa Mtajo wa Aljebra

Jumatatu

Programu ninayoijenga ni ya kujifunzia aljebra. Mwanafunzi huandika mtajo, programu huuonyesha kwenye skrini, kisha yeye hugusa alama mbili zozote, na programu hukipaka rangi kipande kidogo kabisa cha mtajo kinachozibeba alama hizo zote mbili. Kipande hicho ndicho atakachoruhusiwa kukirahisisha au kukisambaza katika hatua inayofuata. Kikipakwa rangi kipande kikubwa kuliko inavyostahili, au kidogo kuliko inavyostahili, mwanafunzi atafundishwa aljebra isiyo sahihi. Kwa sababu hiyo nimeamua sehemu hii iandikwe na kujaribiwa kabla ya nyingine zote.

Ndani ya kompyuta mtajo huhifadhiwa kama mti ambao kila nodi yake ina watoto wasiozidi wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Alama za matendo, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, hukaa kwenye nodi za ndani, na herufi na namba hukaa kwenye majani. Mtajo nitakaoutumia katika majaribio yangu ni `(a + b) * (a - c / d)`, ambao mti wake una nodi 9:

```
          *
        /   \
       +     -
      / \   / \
     a   b a   /
              / \
             c   d
```

Katika picha hii mkwaju ulio chini ya upande wa kulia wa alama ya kutoa ni nodi ya kugawanya, na watoto wake ni `c` na `d`. Swali la kipande kidogo kabisa sasa linageuka kuwa swali la mti: kati ya nodi zote ambazo ni wahenga wa alama zote mbili zilizoguswa, ni ipi iliyo chini kuliko zote? Kwa kufuata kanuni iliyozoeleka, kila nodi huhesabiwa pia kuwa mhenga wa nafsi yake, na baadaye itaonekana kwamba kanuni hiyo inarahisisha mambo badala ya kuyatatiza.

Mti huu hauna mpangilio wa thamani. Katika mti wa kutafutia, ambamo kila kilicho kushoto ni kidogo kuliko mzizi na kila kilicho kulia ni kikubwa, mtu anaweza kushuka moja kwa moja hadi mahali ambapo thamani mbili zinaachana njia, bila kuyatazama matawi mengine. Hapa alama ya kuzidisha si kubwa wala ndogo kuliko `b`, na hakuna kinachomwambia msafiri kwamba `d` iko kulia mpaka afike huko. Ni kweli kwamba mtajo unapotoka tu kwenye maandishi, kila nodi ingeweza kubeba nafasi yake katika mstari, na nafasi hizo zingetuongoza. Lakini programu hii hubadilisha mtajo kila mara, hubadilishana pande za kuzidisha na kuunda nodi mpya, na nafasi za zamani hupoteza maana mara tu badiliko la kwanza linapofanyika. Nimechagua kuutegemea mti wenyewe tu.

Jumanne

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kusimama kwenye mzizi na kuuliza kama alama zote mbili ziko kushoto, kisha kama zote ziko kulia, na kushuka upande husika na kuuliza tena. Njia hiyo hutoa jibu sahihi, ila hupitia nodi zile zile kila inaposhuka ngazi moja, na mti ukiwa mrefu na mwembamba kazi hukua kwa mraba wa idadi ya nodi. Njia nyingine ni kuandika njia ya kutoka mzizini hadi kila alama, kisha kuzilinganisha njia hizo mbili hadi zinapoachana. Hiyo ni nzuri, lakini inahitaji misafara miwili na orodha mbili za kuhifadhi njia.

Fanksheni niliyoiandika leo hupita mara moja tu, ikijiita yenyewe kwa mtoto wa kushoto na wa kulia kabla ya kutoa uamuzi kuhusu nodi iliyopo:

```python
def mhenga(n, p, q):
    if n is None or n is p or n is q:
        return n
    k = mhenga(n.kushoto, p, q)
    l = mhenga(n.kulia, p, q)
    if k is not None and l is not None:
        return n
    return k if k is not None else l
```

Uzito wote wa fanksheni hii uko katika maana ya kinachorudishwa. Tawi likirudisha `None`, maana yake ni kwamba halina `p` wala `q`. Likirudisha nodi, nodi hiyo inaweza kuwa moja kati ya alama zinazotafutwa, iliyoonekana peke yake, au inaweza kuwa tayari ni jibu lililopatikana chini zaidi. Anayepokea hajui ni ipi kati ya hizo mbili, na hana haja ya kujua: pande zote mbili zikileta nodi, basi alama moja iko kila upande na yeye mwenyewe ndiye mhenga wa karibu; upande mmoja tu ukileta nodi, analipokea alilopewa na kulipandisha juu jinsi lilivyo.

Niliufuatilia mwendo wake kwa mkono, `p` ikiwa ni ile `a` ya upande wa kulia na `q` ikiwa ni `d`. Kutoka mzizini fanksheni inaingia kwanza kwenye `+`, inaikuta `a` ya kushoto ambayo siyo inayotafutwa, inaikuta `b`, na tawi lote la kushoto linarudisha `None`. Kisha inaingia kwenye `-`. Mtoto wake wa kushoto ndiye `p`, naye anarudishwa papo hapo. Mtoto wa kulia ni nodi ya kugawanya, ambayo kwa `c` inapata `None` na kwa `d` inapata `d` yenyewe, kwa hiyo inaipandisha `d`. Sasa `-` ina nodi kutoka pande zote mbili na inajirudisha yenyewe. Mzizi unapata `None` kutoka kushoto na `-` kutoka kulia, unaipandisha `-`, na kipande kinachopakwa rangi ni `a - c / d`, kama inavyotakiwa.

Jaribio la pili lilikuwa la alama ambayo ni mhenga wa nyingine, yaani `-` na `c`. Fanksheni ilipofika kwenye `-` ilirudi bila kuwatazama watoto wake, na jibu likawa `-`, ambalo ni sahihi. Usahihi huo unastahili kutafakariwa, kwa maana fanksheni haikuwahi kuiona `c` kabisa. Ilikuwa imeridhika kwamba, kama `c` haikupatikana kwingineko, lazima iko chini ya `-`. Hiyo ni imani, wala si ushahidi, na nimeiandika juu ya fanksheni kama sharti: kila moja kati ya `p` na `q` lazima iwemo katika mti, tena mara moja tu.

Jumatano

Leo nimelishughulikia neno moja la sharti hilo, yaani "mara moja tu". Mtajo wangu una `a` mbili, na kwa mwanafunzi aliyegusa ile ya kulia, ya kushoto ni alama tofauti kabisa ijapokuwa herufi ni ile ile. Ndiyo sababu ulinganisho katika fanksheni unatumia `is`, unaouliza kama hii ni nodi ile ile, badala ya `==`, ambao unaweza kuuliza kama maudhui yanafanana. Katika Python hatari hii huwa imejificha: darasa la kawaida lisipofafanua usawa wake, `==` hufanya kazi sawa na `is` na majaribio yote hupita, lakini siku darasa hilo litakapopambwa kwa `@dataclass`, `==` huanza kulinganisha sehemu za ndani, na majani mawili yenye herufi `a` huhesabiwa kuwa sawa.

Nililiandaa jaribio la makusudi lenye `==` ili nione kosa hilo lina sura gani. Kwa `a` ya kulia na `d`, tawi la kushoto sasa linarudisha `a` isiyohusika, tawi la kulia linarudisha `-`, mzizi unaona pande zote mbili zimeleta kitu, na mtajo mzima unapakwa rangi. Dalili yake basi ni jibu lililo juu kuliko inavyostahili. Nimelihifadhi jaribio hili katika msimbo, ili atakayebadilisha `is` kuwa `==` kwa nia ya kupendezesha maandishi aonywe mara moja.

Ijumaa

Sehemu ya kusambaza imeanza kufanya kazi, na ndiyo iliyofungua mjadala mkubwa zaidi katika mradi huu hadi sasa. Mtajo `a * (b + c)` unapogeuzwa kuwa `a * b + a * c`, herufi `a` iliyokuwa moja inatakiwa ionekane mahali pawili. Mwandishi wa msimbo ana njia mbili: kuitumia nodi ile ile ya `a` chini ya kuzidisha zote mbili, au kutengeneza nakala.

Njia ya kwanza huokoa kumbukumbu kidogo, lakini matokeo yake si mti tena, kwa kuwa nodi moja ina wazazi wawili. Chukua `p` kuwa `a` hiyo inayoshirikiwa na `q` kuwa `c`. Kuzidisha kwa kushoto kunarudisha `a`, kuzidisha kwa kulia kunapata `a` na `c` na kujirudisha kwenyewe, kisha alama ya kujumlisha inaona pande zote mbili zina kitu na kudai kwamba yenyewe ndiyo mhenga. Mwanafunzi aliyegusa `a` ya pili na `c`, akitarajia kipande `a * c`, anapakiwa rangi mtajo mzima. Dalili ni ile ile ya Jumatano ingawa chanzo ni kingine, na `is` haiwezi kusaidia kwa sababu kweli ni nodi ile ile.

Njia ya pili, tukitengeneza nakala mbili mpya na kuitupa `a` ya asili, huleta kasoro ya upande wa pili. Programu bado inakumbuka kwamba mwanafunzi aligusa `a` ya asili, ambayo sasa haimo katika mti. Tukiiuliza fanksheni kuhusu nodi hiyo na `c`, tawi la kushoto linarudisha `None`, kuzidisha kwa kulia kunaipandisha `c`, na mzizi unaipandisha `c` vilevile. Jibu ni `c` peke yake. Hakuna hitilafu inayoripotiwa, wala programu haisimami. Mwanafunzi anaona tu herufi moja imepakwa rangi, na jibu hilo halitofautiki hata kidogo na jibu halali la mtu aliyegusa `c` mara mbili. Hapa ndipo ile imani ya Jumanne inapodai malipo yake: fanksheni iliyopewa mti usio na alama mojawapo huirudisha ile nyingine, kana kwamba imelipata jibu.

Nimeamua kwamba kusambaza kutaiacha nodi ya asili upande wa kushoto na kuweka nakala upande wa kulia tu. Kwa namna hiyo mti unabaki mti, na alama aliyoigusa mwanafunzi inabaki hai. Kuna pia jaribio linalopitia mti wote baada ya kila badiliko, likikusanya `id()` ya kila nodi katika seti na kulalamika likikutana na ile ile mara ya pili. Hata hivyo uamuzi huu haumalizi tatizo la kutokuwepo, kwa sababu kuna mabadiliko ambayo huondoa nodi kwa haki: `2 * x + 3 * x` inapokuwa `5 * x`, lazima `x` mojawapo ipotee.

Jumamosi

Kwa kuwa kupotea kwa nodi ni jambo la kawaida katika programu hii, fanksheni yenyewe inapaswa kujua kama imeziona alama zote mbili. Wazo la kwanza lilikuwa kila tawi lirudishe idadi ya alama zilizoonekana ndani yake, na nodi ya kwanza kufikisha 2 iwe jibu. Wazo hilo linatosha panapokuwa na hakika kwamba hakuna nodi inayoshirikiwa. Ikiwa `a` imeshirikiwa mara mbili na `q` haimo kabisa, hesabu inafika 2 vilevile, na jibu la uongo linapita. Kwa hiyo nimezitenganisha hesabu mbili:

```python
def tafuta(mzizi, p, q):
    jibu = None
    def hesabu(n):
        nonlocal jibu
        if n is None:
            return 0, 0
        kp, kq = hesabu(n.kushoto)
        lp, lq = hesabu(n.kulia)
        jp = kp + lp + (n is p)
        jq = kq + lq + (n is q)
        if jibu is None and jp and jq:
            jibu = n
        return jp, jq
    if hesabu(mzizi) != (1, 1):
        return None
    return jibu
```

Bado ni msafara mmoja. Watoto huhesabiwa kabla ya mzazi wao, kwa hiyo nodi ya kwanza kuwa na alama zote mbili ndani yake ndiyo iliyo chini kuliko zote, na wahenga wake wanaofuata wanakuta `jibu` limekwisha kuwekwa. Mwanafunzi akigusa alama moja mara mbili, `p` na `q` ni nodi moja, hesabu zote mbili zinaongezeka pamoja, na jibu ni nodi hiyo yenyewe bila kuhitaji mstari wa pekee.

Gharama iliyoongezeka ni kwamba fanksheni hii haikatizi safari inapoikuta `p`. Lazima ishuke chini yake na kuufikia kila ukingo wa mti. Mti wa nodi 9 una nafasi tupu 10, hivyo `hesabu` huitwa mara 19 kila swali linapoulizwa. Ile ya Jumanne, kwa `a` ya kulia na `d`, iliitwa mara 15, kwa kuwa haikuzitembelea nafasi tupu zilizo chini ya alama hizo mbili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwangu kuweza kuikubali fanksheni isiyoweza kusema "sikuiona".

Mwenzangu aliuliza kwa nini tusitumie mbinu za Harel na Tarjan za mwaka 1984, ambazo baada ya maandalizi ya muda unaolingana na idadi ya nodi hujibu kila swali kwa muda usiobadilika. Mbinu hizo hufaa mti unaotulia ukaulizwa maswali mengi. Wetu huulizwa swali moja kwa mguso mmoja, na mara nyingi hubadilishwa mara tu baada ya jibu, hivyo maandalizi yangetupwa kabla ya kuleta faida.

Jumatatu iliyofuata

Kilichobaki kilikuwa kina cha mti. Kila ngazi ya kushuka huacha mwito mmoja ukisubiri, na Python huweka kikomo cha miito 1000 inayosubiri kwa pamoja, kama inavyoonyeshwa na `sys.getrecursionlimit()` pasipobadilishwa kitu. Mti uliosawazika wenye majani 1024 una kina cha ngazi 10 tu na hauwezi kuleta shida. Mitajo ya watu, hata hivyo, haisawaziki. `1 + 1 + 1` husomwa kutoka kushoto, kila kujumlisha kukikubeba kule kwa kabla yake kama mtoto wa kushoto, kwa hiyo jumla ya vipengele 5000 huwa mnyororo wenye nodi 9999 na kina cha ngazi 4999. Kichanganuzi kinausoma mnyororo huo kwa kitanzi na kuumaliza salama, kisha `tafuta` inaanguka kwa `RecursionError`. Asiyejua angelitafuta kosa ndani ya `tafuta`, ilhali hapo hakuna mstari uliokosewa. Umbo la mti ndilo lililozidi.

Kuipandisha namba hiyo kwa `sys.setrecursionlimit` kungewezekana, na tangu toleo la 3.11 miito ya Python tupu haili tena rundo la lugha C, kwa hiyo hatari ya programu nzima kuzimika imepungua. Kungewezekana pia kuandika upya safari kwa rundo letu wenyewe, ambamo kila nodi huingizwa mara mbili, mara ya kwanza ili watoto wake waingizwe na mara ya pili ili hesabu zao zijumlishwe. Nimeliacha hilo kwa sasa, kwa sababu mitajo ya mwanafunzi ina makumi ya alama, na fanksheni fupi inayosomeka kwa jicho moja ina thamani kubwa kwa atakayeirithi. Badala yake kichanganuzi kinahesabu kina cha mti wakati wa kuujenga na kuukataa mtajo unaozidi ngazi 400, kwa ujumbe unaosema mtajo ni mrefu mno. Kusambaza mara moja hakuongezi zaidi ya ngazi moja, hivyo nafasi kati ya 400 na 1000 inatosha kwa mazoezi tuliyo nayo.

Hali ya sasa ni kwamba `tafuta` imechukua mahali pa `mhenga` katika programu yote, na `mhenga` imebaki kwenye majaribio tu, ambako majibu ya fanksheni hizo mbili hulinganishwa kwa kila jozi ya nodi za miti midogo iliyotengenezwa kwa bahati nasibu. Palipo na sharti kamili lazima yalingane. `tafuta` inaporudisha `None`, skrini huondoa rangi yote na kumwomba mwanafunzi aguse tena. Kazi inayofuata ni mitajo yenye alama ya hasi, kama `-x`, ambayo nodi yake ina mtoto wa kulia peke yake. Katika hesabu haileti ugumu, kwa kuwa upande mtupu hurudisha sifuri mbili, lakini sehemu ya kuchora skrini bado inadhani kila tendo lina watoto wawili, na huko ndiko nitakakoanzia kesho.